Rimu za Chuma au Spoti Rimu: Anza na Namba za Tairi

Kabla hujatoa hela ya spoti rimu, au kabla hujazivua zile zilizokuja na gari ili urudi kwenye chuma, inama usome namba zilizochapwa ubavuni mwa tairi lako. Tuchukue Toyota Korola ya kizazi cha 10, gari ambalo wengi wetu tumelipanda au kulimiliki. Lilipouzwa likiwa jipya, kiwanda chenyewe kililivisha matairi ya saizi tatu kufuatana na toleo: 195/65R15, 205/55R16 na 215/45R17. Yale ya 15 mara nyingi yalikaa kwenye rimu za chuma zenye wilikapu za plastiki, na yale ya 17 yalikaa kwenye rimu za aloi, yaani aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine kidogo.

Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni asilimia: ukuta wa tairi, yaani ule ubavu kati ya rimu na lami, ni sehemu gani ya huo upana. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Piga hesabu: asilimia 65 ya 195 ni milimita 127 hivi. Asilimia 55 ya 205 ni 113. Asilimia 45 ya 215 ni 97. Gari ni lilelile na urefu wa tairi zima haukubadilika sana, lakini anayetoka kwenye 15 kwenda 17 amepoteza sentimita 3 za mpira na upepo zilizokuwa zikiikinga rimu yake isikutane na ukingo wa shimo.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu mabishano ya chuma na aloi gereji huenda kombo hapa. Mtu anakwambia spoti rimu zake zimepasuka mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo aloi ni takataka. Ukimuuliza saizi, ni 17 au 18 kwenye gari lililozaliwa na 15. Rimu za aloi za inchi 15 zilizokuja na gari kutoka kiwandani, zikiwa na ukuta mnene wa tairi na upepo sahihi, huishi miaka mingi kwenye barabara zetu bila kesi. Kwa hiyo linganisha vitu viwili kwa zamu: kwanza kipenyo, kisha madini. Kipenyo kina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Sasa madini yenyewe. Rimu ya chuma hutengenezwa kwa vipande viwili. Bamba moja hukandamizwa kwa mashine likawa sahani ya katikati yenye matundu ya nati, lingine hukunjwa likawa pipa linalobeba tairi, kisha vikachomelewa pamoja. Chuma kinachotumika ni laini na kinavutika. Kikipigwa, hukunjika muda mrefu kabla ya kukatika. Rimu ya aloi ya kawaida humiminwa kwenye kalibu ikiwa uji wa aluminiamu wenye silikoni kama asilimia 7 na magnesiamu kidogo sana, kisha hupashwa joto kwa utaratibu maalumu ili iwe ngumu. Matokeo yake ni kitu kigumu, kilichonyooka vizuri kuliko chuma, lakini kisichovutika sana. Kipigo kidogo hakikipindi. Kipigo kikubwa hukipinda kidogo, na kikizidi hapo hutokea ufa.

Kwa dereva wa kila siku tofauti hiyo inamaanisha kwamba chuma hukosea mapema na kwa upole, aloi hukosea kwa kuchelewa na kwa ghafla. Anayeendesha mjini kwenye lami yenye matuta atapinda midomo ya rimu za chuma mara kadhaa katika maisha ya gari, kila mara kidogo kidogo, wakati mwenye aloi ya saizi ileile hajapata hata mkwaruzo wa maana. Anayesafiri barabara za vumbi, zenye makorongo na mawe yaliyochomoza, akiwa mbali na fundi mwenye mashine, anahitaji kitu kitakachopinda na kumfikisha. Ndiyo maana Land Cruiser za kazi, zile za miradi na hospitali za vijijini, bado zinatembea na rimu za chuma na matairi marefu ya 7.50R16. Hakuna anayezionea haya.

Tulipitishe tukio moja kwa rimu zote mbili. Korola yetu inatembea kilomita 70 kwa saa usiku, mvua imejaza maji kwenye shimo, dereva haoni kina. Gurudumu la mbele kushoto linaingia.

Likiwa 195/65R15 kwenye chuma, tairi linabonyea, mpira unagusa mdomo wa rimu na mdomo wa ndani unakunjwa kama nusu sentimita. Gari linaendelea kutembea. Asubuhi tairi limelala nusu, au siku ya tatu unaona upepo umeshuka wakati mengine matatu hayajashuka. Fundi tairi analivua, anazamisha kwenye pipa la maji, mapovu yanatoka pale mpira unapokaa kwenye rimu, wala si kwenye kashata ya tairi. Anaweka kipande cha gogo au risasi nyuma ya mdomo na kuurudisha kwa nyundo, bila moto. Kazi ni ya dakika chache na malipo yake yanakaribia ya kuziba pancha. Akianza kuwasha moto mpaka chuma kiwe chekundu, mzuie. Mdomo mdogo hauhitaji moto, na chuma kilichoiva kwa moto hupindia upande mwingine kinapopoa, rangi huungua na kutu huanzia hapohapo.

Likiwa 215/45R17 kwenye aloi, mpira unabanwa kati ya shimo na rimu mpaka nyuzi za ndani zinakatika. Kesho yake ubavu wa tairi umetoa nundu kama yai. Tairi hilo limekwisha hata kama kashata yake ni mpya, kwa sababu hakuna fundi anayeunganisha nyuzi za ubavuni. Nyuma ya rimu, upande usiouona ukiwa umesimama nje, mdomo wa ndani umelala kidogo, na pengine kuna ufa mwembamba unaopanda kutoka mdomoni kuelekea katikati ya pipa. Ni upande huo wa ndani unaoumia mara nyingi, maana spoki zimeukaribia mdomo wa nje na kuuimarisha, ila mdomo wa ndani umesimama peke yake. Ndiyo sababu mtu anaosha rimu zake kila Jumamosi, zinang'aa, na ufa upo.

Aloi iliyopinda inaweza kunyooshwa, lakini si kwa nyundo. Fundi anayejua kazi huifunga kwenye mashine yenye jeki ya maji, hupasha sehemu iliyopinda taratibu, husukuma kidogo, hupima, husukuma tena. Ukimkuta anaipiga ikiwa ya baridi, chukua rimu yako uondoke, maana anageuza mpindo kuwa ufa. Akishamaliza, mwambie aisafishe ndani na aipime kwa mafuta ya taa: hupaka mafuta pale palipopinda, husubiri kama robo saa, hukausha kwa kitambaa, kisha hupaka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki nyeupe.

Ufa je, unachomelewa? Mafundi wenye mashine ya gesi ya agoni wanaweza kuchomelea aluminiamu vizuri hata usione pa kuunganishia. Tatizo liko kwenye joto la kuchomelea: linafuta ule ugumu ambao kiwanda kiliiwekea rimu, na pembeni ya mshono hubaki ukanda laini kuliko kwingine. Msimamo wangu ni huu. Ufa mfupi kwenye mdomo wa ndani, ukichomelewa na mtu anayejua, unaweza kukubalika, na rimu hiyo ikae kwenye buti kama spea. Ufa kwenye spoki, karibu na matundu ya nati au katikati panapokaa habu hauchomelewi na mtu yeyote, kwa bei yoyote. Sheria hiyo inaihusu rimu ya chuma pia: sahani ya katikati iliyoanza kupasuka kati ya matundu ya nati, au mshono wake na pipa ukiachia, ni ya kuuziwa wa vyuma chakavu. Nyufa za hapo kwa kawaida huletwa na nati zilizolegea muda mrefu, au zilizokazwa na kijana aliyechomeka bomba kwenye spana na kuruka juu yake.

Utajuaje kama rimu imepinda kabla ya kuvua tairi? Usukani ukitetemeka kuanzia kilomita 80 hivi kwa saa, na mashine ya kubalansi inadai risasi nyingi kila unaporudi, shuku rimu. Inua gurudumu kwa jeki gari likiwa limewekewa vizuizi, egemeza bisibisi kwenye jiwe, ncha yake ibaki na nafasi ya milimita 2 kutoka mdomo wa rimu, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Nafasi ikipanuka na kubana kwa zaidi ya milimita moja na nusu, jicho litaiona bila kifaa, na rimu hiyo ina haja ya fundi. Rudia upande wa ndani, hata kama itabidi ulale chini. Kubalansi hakunyooshi rimu. Kunaficha tu.

Kuhusu uzito nitapita haraka, kwa kuwa sifa zake zimezidi manufaa. Ni kweli aluminiamu ina uzito kama theluthi moja tu ya chuma kwa ujazo uleule. Lakini kwa sababu ni dhaifu zaidi, humiminwa nene, na faida nyingi huliwa hapo. Rimu ya chuma ya inchi 15 kwa gari dogo huwa karibu kilo 8. Aloi ya saizi hiyohiyo hupungua kilo moja au mbili. Aloi ya inchi 17, hasa zile za bei nafuu, mara nyingi hufika kilo 9 au 10 na kupita, kwa hiyo aliyenunua 17 ili gari liwe jepesi ameongeza uzito. Gurudumu jepesi hufuata lami vizuri zaidi na huipunguzia shokapu kazi. Dereva anayekwenda kazini na kurudi hataisikia kilo moja kwenye usukani wala kuiona kwenye mafuta. Ukitaka kubishana na muuzaji, nenda na mizani ya kupimia watu.

Aloi ina faida nyingine ambayo watu hawaitaji: hutengenezwa kwa unyofu mkubwa, kwa hiyo hubalansika kwa risasi chache. Ila inapokaa pwani, kama Tanga, Mombasa au Unguja, chumvi huila kwa namna yake. Rangi ikichubuka pale mpira unapokaa, unga mweupe huota chini yake na upepo huanza kuponyoka polepole. Chuma nacho hupata kutu palepale. Tiba ni moja kwa zote mbili: tairi livuliwe, mzunguko wote usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka paonekane madini safi, papakwe rangi nyembamba, kisha tairi lirudishwe. Fundi anayekupaka gundi juu ya kutu bila kusugua amekuuzia wiki mbili.

Tukija kwenye gharama, bei ya rimu ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Rimu ya chuma iliyotumika hupatikana moja moja, na ukipoteza moja unatafuta nyingine yenye vipimo vilevile, wilikapu inafunika tofauti ya rangi. Spoti rimu huuzwa kwa seti ya nne. Ikipasuka moja na mtindo wake haupo tena sokoni, unabaki na tatu nzuri zisizo na mwenzao, na hapo wengi hununua seti nyingine nzima. Ongeza na tairi: la inchi 17 lenye ukuta mfupi ni ghali kuliko la 15 la kiwango hichohicho, huna chaguo pana ukiwa mkoani, na ndilo linalotoa nundu. Kabla ya kukubali bei ya rimu, muulize muuzaji wa matairi bei ya matairi manne ya saizi hiyo, kisha jumlisha. Wezi nao wana chaguo lao. Rimu za chuma zenye kutu huziacha. Ukifunga nati za kufuli kwa ajili ya spoti rimu, weka ufunguo wake mahali pamoja na jeki, vinginevyo siku ya pancha wewe ndiye utakayefungiwa.

Kama baada ya hesabu hiyo bado unazitaka, na kupendeza ni sababu halali, nunua inchi ileile ya gari au moja zaidi, usivuke hapo. Rimu zilizotumika zigeuze uangalie mgongo. Zinazotoka Japani huwa na alama JWL, ya kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi, na nyingi huwa na VIA, inayoonyesha kwamba zimesajiliwa baada ya kupimwa. Alama inaweza kuigizwa, lakini rimu isiyo na alama yoyote wala saizi iliyochapwa haifai kubeba familia. Pitisha kidole ndani ya pipa kuzunguka. Uvimbe wa mshono uliosuguliwa na kupakwa rangi mpya, wakati nje rangi ni ya zamani, ni ufa uliochomelewa. Omba zizungushwe kwenye mashine ya kubalansi bila tairi uone mdomo unavyotembea.

Kisha pima matundu. Korola tunayoizungumzia mara nyingi ina nati 5 kwenye duara la milimita 100, ilhali magari mengi makubwa zaidi ya Toyota yana 5 kwenye 114.3. Kwa macho zinafanana. Weka rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lisilopakana nalo: ya 100 itasoma milimita 95, ya 114.3 itasoma karibu 109. Muuzaji akisema matundu yanaweza kupanuliwa kidogo, biashara imekwisha. Tundu kubwa la katikati nalo litazame. Habu ya Korola yenye duara la 100 ina milimita 54.1 na rimu nyingi za dukani zina tundu pana zaidi ili ziingie magari mengi. Nafasi hiyo hujazwa na ringi nyembamba ya plastiki au aluminiamu. Ikikosekana, rimu haikai katikati sawasawa, na mtetemo utakaoupata hautatibika kwa risasi.

Halafu nati, ambazo zimewaangusha watu wengi kuliko nyufa. Rimu za chuma hukazwa kwa nati yenye ncha ya pia inayoingia kwenye tundu lenye umbo hilohilo. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa, na rimu hukamatwa na hiyo washa. Ukichukua nati za pia za chuma ukazikaza kwenye aloi yenye kikao bapa, zitashika ukingo tu wa tundu, utahisi zimekaza, na zitalegea njiani. Spoti rimu nyingi za dukani zinataka nati za pia, kwa hiyo mtu anayezivua na kurudisha aloi za kiwandani anaweza kuangukia kosa hilo bila kujua. Chungulia tundu: kama limeinama ndani ni la pia, kama ni bapa ni la washa.

Nati zikazwe gari likiwa chini, kwa mtindo wa nyota na si kwa kuzunguka. Magari madogo ya Toyota hutaka nguvu ya niutonimita 103, ambayo bila spana ya kupimia ni sawa na kubonyeza kwa nguvu ya wastani ya mkono spana yenye urefu wa nusu mita, si kuikanyaga. Baada ya kilomita 50 hadi 100 simama ukaze tena, hasa rimu za aloi ambazo rangi mpya kwenye kikao hubonyea na kuacha nafasi. Na zile nati za rimu za chuma ulizovua zitie kwenye mfuko pamoja na spea, kwa sababu spea ya gari lenye aloi mara nyingi ni ya chuma, na siku ya pancha ndipo utakapozihitaji.